Swali la dola na soko kwenye mtihani wa siasa: uliberali, uhafidhina na ujamaa vinatofautianaje hasa?

Karatasi_Mbili (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nina mtihani wa siasa, karatasi ya itikadi, na mwalimu wetu anasema swali la dola na soko halikosekani. Ametupa la mazoezi: "Waliberali, wahafidhina na wajamaa hawawezi kukubaliana kuhusu nafasi ya dola katika uchumi. Jadili." Lina alama 24. Mimi nimeambulia 11, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: unasimulia, hulinganishi.

Aya yangu ya kwanza ndiyo hii:

"Uliberali unaamini uhuru wa mtu binafsi, hivyo unataka soko huria na dola ndogo. Uhafidhina unaamini mila na utaratibu, hivyo unataka dola ya wastani. Ujamaa unaamini usawa, hivyo unataka dola kubwa inayomiliki viwanda."

Baada ya hapo nikaandika ukurasa mmoja kwa kila itikadi, na wanafikra wake, na miaka. Sasa sijui nilinganishe nini zaidi ya hapo. Naomba msaada.

---

Sipindishi

Mbona aya iko poa tu mkuu. Chora mstari mmoja. Kushoto weka wajamaa na dola kubwa, kulia weka waliberali na soko, katikati wahafidhina. Kila hoja ining'inize kwenye huo mstari. Mimi nilifaulu kwa mstari huohuo. Walimu wengine wanabana alama bila sababu.

---

Jicho_la_Tatu

Ushauri wangu: usizunguke. Andika wazi kwamba ujamaa ulijaribiwa ukashindwa, soko limebaki peke yake, na dola ikigusa uchumi inaharibu. Mtahini anapenda mtu mwenye msimamo.

---

Kalamu_Nyekundu

Nimesahihisha karatasi hizi miaka mingi, niruhusuni niseme kidogo.

Jicho_la_Tatu, swali halikuuliza itikadi ipi ni nzuri. Limeuliza kama zinaweza kukubaliana juu ya jambo moja. Mwanafunzi anayeandika hukumu yake juu ya ujamaa amejibu swali alilojitungia mwenyewe. Msimamo anaotakiwa kuwa nao ni huu: zinakubaliana au hazikubaliani, kwa kiasi gani, na juu ya kipi.

Karatasi_Mbili, aya yako ina tatizo kubwa kuliko kusimulia. Umepima kila itikadi kwa ukubwa wa dola, na kipimo hicho kinakudanganya. Chukua maneno "dola ya wastani" uliyowapa wahafidhina. Yanamaanisha nini? Wastani wa kipi? Nikifunika neno uhafidhina kwa kidole, sentensi hiyo naweza kuiweka kwa mliberali wa karne ya 20, naweza kuiweka kwa mjamaa wa mrengo wa wastani, na itakaa vilevile. Sentensi inayokubali kubadilishwa jina bila kuumia haina alama ndani yake. Rudi kwenye insha yako ufanye hivyo kwa kila sentensi kabla hatujaendelea.

Kisha jiulize: kila mmoja wao anaona dola ipo kwa ajili ya nini, na anaogopa nini kama ikikosekana? Ukishajua hilo, ukubwa unakuja wenyewe, na mara nyingi unakuja mahali usipoutarajia.

---

Sipindishi

Mwalimu, kwa heshima, mtihani una muda. Mstari unamsaidia mtu kukumbuka. Au unataka kusema wajamaa hawataki dola kubwa?

---

Kalamu_Nyekundu

Wengine wanataka, kwa muda. Marx na Engels mwaka 1848 waliieleza serikali ya zama zao kama kamati ya kusimamia mambo ya tabaka la mabepari. Kwa mtu anayeona hivyo, dola si mkombozi, ni chombo cha tabaka. Wafanyakazi waichukue, waitumie kuvunja umiliki wa mabepari, na matabaka yakiisha dola nayo inakosa kazi, inanyauka. Mstari wako unamweka Marx mwisho kabisa upande wa dola kubwa, wakati mwisho wa safari yake hakuna dola.

Halafu chukua upande wa pili. Keynes, mchumi aliyetaka dola iuchochee uchumi unapodorora, alikuwa mliberali. Beveridge, aliyeandika ripoti ya bima ya jamii ya Uingereza mwaka 1942, alikuwa mliberali. Kwenye mstari wako ungewaweka wapi?

---

Sipindishi

Hao ni waliberali wa kisasa. Nilikuwa nasema wale wa kale, kina Locke na Adam Smith.

---

Kalamu_Nyekundu

Sawa, hapo uko karibu. Waliberali wa kale kweli walitaka dola yenye kazi chache. Locke, 1689: watu wanaunda serikali kwa ridhaa yao ili ilinde uhai, uhuru na mali. Smith, 1776, aliipa kazi tatu: ulinzi wa nchi, haki mahakamani, na zile kazi za umma ambazo hakuna mtu binafsi angepata faida kuzifanya. Lakini swali limesema "waliberali", halikusema wa kale tu. Ukiwaacha wa kisasa nje umeacha nusu ya hoja, na ndiyo nusu yenye alama, kwa sababu ndipo makubaliano na itikadi nyingine yanapoanza kuonekana.

---

Karatasi_Mbili

Nimefanya jaribio la kidole. Nusu ya insha imekwisha hapo hapo.

Mwalimu, nimeelewa kwamba nisipime ukubwa. Ila nikianza kuandika "waliberali dola kwao ni ya...", narudi kulekule kwenye kurasa tatu, kila mtu na yake. Nashindwa kuwakutanisha.

---

Kalamu_Nyekundu

Wakutanishe juu ya sera moja. Nitakupa moja ambayo imepita mikononi mwa wote watatu: bima ya mfanyakazi akiugua.

Wa kwanza kuileta kitaifa kwa sheria ya lazima ni Bismarck, kansela wa Ujerumani, mwaka 1883. Ilifuatiwa na bima ya ajali kazini mwaka 1884, na pensheni ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Katika ile ya 1883 mfanyakazi alilipa theluthi mbili ya mchango na mwajiri theluthi moja. Akiugua alipata matibabu na nusu ya mshahara hadi wiki 13. Sasa jiulize, Bismarck alikuwa nani? Hakuwa mjamaa. Miaka mitano kabla, 1878, alipitisha sheria ya kupiga marufuku vyama na magazeti ya wajamaa, na sheria hiyo ilikuwa bado inafanya kazi wakati bima inapita. Hakuwa mliberali pia. Alikuwa mhafidhina wa kifalme.

Tazameni nani alipinga. Wabunge wa kijamaa walipiga kura ya hapana. Waliberali wa mrengo wa Eugen Richter nao walipinga. Sera ya dola kuingilia uchumi, aliyeileta ni mhafidhina, na mjamaa na mliberali wanaikataa kwa pamoja. Sipindishi, mstari wako unalielezaje hilo?

---

Sipindishi

Hapo umenibana. Labda wajamaa walipinga kwa hasira za ile sheria ya 1878.

---

Kalamu_Nyekundu

Hasira zilikuwepo, lakini sababu iko ndani ya itikadi yenyewe, na ndiyo unayotakiwa kuiandika.

Mhafidhina anaiona jamii kama mwili mmoja wenye viungo visivyo sawa. Aliye juu ana wajibu kwa aliye chini, na aliye chini ana utii kwa aliye juu. Binadamu kwake ni kiumbe dhaifu, akiachwa na njaa na hofu ya kesho atageukia mapinduzi. Kiwanda kimemtoa mtu kijijini, kimemkata na bwana wa zamani na parokia yake, na soko halijampa kitu mbadala cha kushikamana nacho. Kwa hiyo dola inaingia, na shabaha yake ni kumfunga mfanyakazi kwenye utaratibu uliopo. Wala Bismarck hakulificha hilo. Alitaka mfanyakazi aone kwamba dola ina faida kwake. Kusawazisha watu hakumo katika mpango huo hata kidogo.

Mjamaa anaitazama sheria hiyohiyo na kuona chambo. Mwenye kiwanda bado ni mwenye kiwanda. Mfanyakazi bado anauza nguvu zake kwa bei ya soko, na theluthi mbili ya bima inatoka mfukoni mwake mwenyewe. Kinachomletea ugonjwa na umaskini kimeachwa bila kuguswa, kisha anaombwa ashukuru.

Mliberali wa mrengo ule naye anaona hatari nyingine kabisa. Dola inamlazimisha mtu mzima kuweka akiba. Inavunja vyama vya hiari ambavyo watu wamejijengea wenyewe, inamfundisha kutegemea. Kwake uhuru ni kutolazimishwa, na hapa kuna kulazimishwa.

Ona sasa, sijataja dola kubwa wala dola ndogo mahali popote, na kila mmoja amesema jambo ambalo mwenzake hawezi kulisema.

---

Dada_wa_Bima

Naomba kuingilia. Mimi nasomea mtihani huuhuu jioni baada ya kazi, na kazi yangu ni ya bima. Hapo kwenye kulazimisha, waliberali hao wanaongea kama watu ambao hawajawahi kuuza bima ya afya. Ukiiacha iwe hiari, wanaokuja kwanza ni wanaojijua wagonjwa. Gharama inapanda, mchango unapanda, wazima wanajitoa, unapanda tena. Siku ya mwisho umebaki na wagonjwa tu na mfuko umekufa. Lazima si itikadi, ni hesabu. Niandike hivyo kwenye mtihani?

---

Kalamu_Nyekundu

Uandike, dada, ila uiweke mikononi mwa mwenyewe. Hiyo hoja ya kwamba soko kwa tabia yake linashindwa kutoa kitu fulani hata kama kila mtu ana nia njema, ni hoja ambayo mliberali wa kisasa anaweza kuishika bila kuacha uliberali wake. Haisemi soko ni dhuluma, kama Marx. Haisemi soko linayeyusha jamii, kama mhafidhina anayeiona dola kama baba mwenye wajibu kwa watoto wake. Inasema soko ni chombo kizuri chenye kasoro mahali fulani, na dola irekebishe mahali hapo halafu iondoke njiani.

Ukiandika "lazima ni hesabu" bila mwenyewe, mtahini anaona maoni yako ya kazini. Ukiandika "kwa mliberali wa kisasa", anaona uchambuzi.

---

BintiHoja

Nyongeza hapo. Waliberali walihamaje kutoka kwa Richter hadi kwa Beveridge? Bila daraja msomaji ataona kama ni watu wawili waliopewa jina moja kwa bahati mbaya.

Daraja ni maana ya uhuru. T. H. Green, mwanafalsafa mliberali wa Uingereza wa karne ya 19, alihoji kama mtu asiye na elimu, mgonjwa, anayefanya kazi saa zote zinazommaliza nguvu, ana uhuru gani hata kama hakuna anayemfunga kamba. Ukikubali kwamba uhuru ni uwezo wa kweli wa kujiendeleza, basi kinachouzuia si dola peke yake. Ugonjwa unauzuia. Umaskini unauzuia. Na dola inaweza kuwa upande wa uhuru. Wamebadilisha wanachokiona kama kizuizi, lakini lengo ni lilelile, mtu mmoja mmoja.

Ndiyo maana mwaka 1908 Lloyd George, waziri wa fedha wa serikali ya waliberali Uingereza, alikwenda Ujerumani kuitazama ile bima ya Bismarck, na mwaka 1911 akapitisha ya kwao. Mfanyakazi mwanamume peni 4 kwa wiki, mwajiri 3, dola 2. Sera ile ile ambayo waliberali wenzao kule Ujerumani waliipinga.

---

Karatasi_Mbili

Subiri dada. Kama Lloyd George aliinakili ya Bismarck, basi mhafidhina na mliberali wamekubaliana. Si ndiyo? Basi kauli ya swali ni ya uongo, nijibu hivyo nimalize.

---

BintiHoja

Wamekubaliana juu ya bima, sawa. Ila angalia alivyoijenga. Ile ya 1911 haikuwa na ofisi moja ya dola inayoshika fedha za ugonjwa. Iliziachia taasisi zilizoidhinishwa: vyama vya kusaidiana, vyama vya wafanyakazi, hata kampuni za bima, na mtu akachagua yake. Dola ililazimisha, ikachangia, ikasimamia, lakini ikaacha ushindani na hiari ndani ya mfumo. Hiyo ni mikono ya mliberali. Mimi ningelipima hapo, kwenye namna sera inavyojengwa.

---

Kalamu_Nyekundu

Vizuri sana. Na mikono ya tatu nayo ipo. Serikali ya chama cha Labour chini ya Attlee ilifuta taasisi zile zilizoidhinishwa, ikaweka bima ya taifa moja, na tarehe 5 Julai 1948 huduma ya afya ya taifa ikaanza. Bevan, waziri wa afya, alizichukua hospitali zikawa mali ya umma. Matibabu yakawa bure mtu anapoyahitaji, kwa kila mtu, na fedha zikatoka zaidi kwenye kodi kuliko kwenye michango. Tazama tofauti: kwa Lloyd George mgonjwa anatibiwa kwa sababu amechangia, na aliyekatiwa bima ni mfanyakazi mwenyewe, mkewe na watoto hawamo. Kwa Bevan anatibiwa kwa sababu anaumwa. Mjamaa ameitoa tiba sokoni kabisa. Hakuirekebisha ibaki bidhaa iliyo bora zaidi.

Hapo una aya tatu zinazolinganisha, na kila moja ina wote watatu ndani. Ya kwanza: dola inaingia kwa sababu gani. Ya pili: nani anaendesha na nani analipa. Ya tatu: inaishia wapi, maana hapo ndipo wanapoachana kwa nguvu zaidi.

---

Jicho_la_Tatu

Nimesoma yote. Sasa mbona huduma hiyo ya 1948 mmesema ni ya ujamaa, na juu mlisema Beveridge aliyeichora alikuwa mliberali? Chagueni moja.

---

Kalamu_Nyekundu

Swali zuri, na nakiri nimelifurahia kuliko ulivyokusudia. Hatulazimiki kuchagua. Beveridge alitaka dola iweke kiwango cha chini ambacho hakuna anayeanguka chini yake, na juu ya hapo mtu ajiongezee mwenyewe kwa hiari. Kwa mliberali hiyo ni sakafu, na kazi ya dola inaishia kwenye sakafu. Mjamaa alipoishika ripoti hiyo hakuona sakafu, aliona mwanzo wa kuondoa tofauti kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Mpango mmoja, lakini ukiwauliza wote wawili "baada ya hapo?", majibu yanatofautiana. Swali hilo la "baada ya hapo" libebe kwenda nalo chumba cha mtihani.

Na wahafidhina waliporudi madarakani Uingereza mwaka 1951 hawakuivunja huduma hiyo. Ni ushahidi wa makubaliano, na insha inayokanusha makubaliano yote italazimika kuueleza.

---

Sipindishi

Nimekubali mstari haufai, haya. Lakini ngoja niokoe kitu kimoja. Wahafidhina hawakulipenda soko mpaka alipokuja Thatcher 1979. Kabla yake ni wajibu wa wakubwa kwa wadogo, kina Disraeli wa Uingereza na Bismarck. Hilo naweza kumwambia kijana aandike?

---

Kalamu_Nyekundu

Nusu. Mrengo wa wajibu upo kweli, na mwaka 1979 kuna mgeuko mkubwa kweli. Lakini Burke, ambaye kila mwanafunzi wa uhafidhina anaanza naye, mwaka 1795 wakati nafaka ni haba aliandika akiishauri serikali isiingilie bei wala mishahara. Burke yuleyule aliyetetea mila mwaka 1790. Kwake soko lilikuwa sehemu ya mpangilio wa asili uliokua taratibu, na afisa anayedhani ataupanga upya kwa akili yake ana kiburi kilekile cha wanamapinduzi wa Ufaransa.

Kwa hiyo mhafidhina ana sababu mbili zinazovutana. Haiamini akili ya mpangaji, na hiyo inamsukuma kwenye soko. Anaogopa jamii kusambaratika, na hiyo inamsukuma mbali na soko linapovunja familia na jumuiya. Ukiandika mvutano huo umeandika uhafidhina. Ukiandika "wastani" hujaandika kitu.

---

Karatasi_Mbili

Nimejaribu upya. Naomba mnikosoe bila huruma:

"Wote watatu wanaweza kuunga mkono dola kuingilia soko, lakini kwa sababu zisizopatana. Bima ya Bismarck ya mwaka 1883 ilikusudia kulinda utaratibu uliopo kwa kumfunga mfanyakazi kwenye dola, jambo linalotokana na imani ya kihafidhina kwamba jamii ni mwili mmoja wenye ngazi na kwamba binadamu asiye na uhakika wa kesho ni hatari. Waliberali wa Uingereza mwaka 1911 walichukua sera inayofanana, lakini kwao ugonjwa ulikuwa kizuizi cha uhuru wa mtu, ndiyo maana waliacha nafasi ya kuchagua taasisi ya kuchangia. Wajamaa wa Ujerumani waliikataa bima ya Bismarck kwa kuwa haikugusa umiliki, na wenzao wa Uingereza mwaka 1948 hawakuishia kwenye bima bali waliitoa tiba sokoni. Hivyo makubaliano yapo kwenye sera, lakini si kwenye lengo."

---

Kalamu_Nyekundu

Hii na ile ya kwanza haziwezi kukaa darasa moja. Mambo mawili tu.

Umesema "wajamaa wa Ujerumani" na "wenzao wa Uingereza" kana kwamba ni mtu mmoja aliyesafiri. Wale wa 1883 walikuwa na Marx kichwani, na wengi wao walitarajia ubepari uanguke. Wale wa 1948 waliamini bunge linatosha na walikuwa tayari kuuacha ubepari uishi sehemu kubwa ya uchumi. Tofauti hiyo ya ndani inastahili sentensi moja. Bernstein, mjamaa wa Ujerumani, ndiye wa kumtaja: mwaka 1899 alisema ubepari hauporomoki kama ilivyotabiriwa, na ujamaa ufikiwe kwa mageuzi.

La pili, usimalizie "si kwenye lengo" haraka hivyo. Je, Bernstein na mliberali wa kisasa malengo yao yako mbali kiasi hicho? Mimi naona bado yako mbali, kwa sababu mmoja anahesabu usawa wa matokeo na mwingine usawa wa fursa. Lakini itetee kwa hoja yako, usiitangaze tu.

---

BintiHoja

Mwalimu, hapo mimi sikubaliani nawe. Crosland, mjamaa wa chama cha Labour, mwaka 1956 alisema umiliki wa umma si kiini cha ujamaa, kiini ni usawa, na uchumi mchanganyiko unaweza kuufikia. Weka hoja hiyo karibu na Rawls wa 1971, mliberali anayekubali tofauti ya kipato pale tu inapomfaidi aliye chini kabisa. Dada wa bima akipewa aya mbili hizo bila majina, jaribio lako la kidole halitamsaidia kujua ipi ni ya nani.

---

Dada_wa_Bima

Mimi kweli nisingejua.

---

Kalamu_Nyekundu

Ningejaribu kwa swali la "baada ya hapo". Rawls akishahakikisha aliye chini hawezi kufanywa awe bora zaidi, tofauti zilizobaki hazimsumbui. Crosland tofauti hizo zenyewe zinamsumbua, maana anaona zinajenga matabaka, watu wanaoishi katika nchi moja bila kukutana, shule zao mbali, hospitali zao mbali. Lakini nakubali kwamba mpaka hapo ni mwembamba, na wako wasomi wanaouona haupo. Mwanafunzi anayesema mpaka ni mwembamba na akaeleza ni kwa nini, hatanyimwa alama na mtu yeyote ninayemfahamu.

---

Sipindishi

Na mrengo mpya wa kulia? Thatcher alibinafsisha mashirika, akalisifu soko, akamsoma Hayek, mchumi mtetezi wa soko huria. Huyo ni mhafidhina au mliberali wa kale aliyeingia chama kingine? Mimi nasema ni mliberali. Hayek mwenyewe mwaka 1960 aliandika kueleza kwa nini yeye si mhafidhina.

---

BintiHoja

Ni wote wawili kwa pamoja. Dola iondoke kwenye uchumi, lakini iwe kali kwenye sheria, nidhamu, familia na taifa. Mliberali wa kale hataki hiyo sehemu ya pili.

---

Kalamu_Nyekundu

Hili mimi na wenzangu wa chumba cha kusahihishia tumelibishania mara nyingi na hatujaafikiana. Kuna wanaosema ukishafanya soko kuwa kanuni ya juu umeshatoka kwenye uhafidhina, kwa sababu hakuna kitu kinachovunja mila haraka kama soko. Wengine wanasema Burke wa 1795 anatosha kuwapa hati ya ukaazi. Karatasi_Mbili, kwa swali lako mrengo huu una faida moja: unaonyesha kwamba wahafidhina wawili wanaweza kutofautiana juu ya soko kuliko mhafidhina mmoja na mliberali mmoja. Tumia hivyo, upande wowote utakaosimama.

---

Jicho_la_Tatu

Kwa hiyo jibu la swali ni ndiyo au hapana? Mbona mnazunguka?

---

Karatasi_Mbili

Naona naweza kuandika hivi: kauli ni sahihi kwa lengo, si sahihi kwa sera, na inapuuza kwamba mgawanyiko ndani ya kila itikadi wakati mwingine ni mkubwa kuliko ulio kati yao. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya utangulizi. Kisha aya tatu za mwalimu, na mrengo mpya wa kulia nauweka kwenye aya ya pili, ya nani anaendesha.

Swali moja la mwisho mwalimu. Bevan nimtaje wapi? Nilisoma kwamba alijiuzulu mwaka 1951.

---

Kalamu_Nyekundu

Alijiuzulu Aprili mwaka huo, serikali ya chama chake ilipoamua watu walipie sehemu ya gharama za miwani na meno ya bandia. Wajamaa wawili katika baraza moja la mawaziri: kwa mmoja ni malipo madogo ya kuokoa bajeti, kwa Bevan ni soko linarudi kupitia dirishani. Muweke mwishoni mwa aya ya tatu, palepale unapouliza sera inaishia wapi. Usimpe zaidi ya sentensi mbili, maana una dakika chache na aya ya pili bado haijaandikwa. Ukiimaliza ilete hapa tuikague.